Kurasa saba za mkutano, dakika tano za mstarini

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dada mkuu wa shule ya sekondari ya bweni, mkoani Iringa. Jumamosi viongozi na wawakilishi wa madarasa tulikaa mkutano, na mlezi wetu akaurekodi kwa simu yake: saa moja na dakika arobaini. Tulizungumzia foleni ya maji, usafi wa bwalo, maharage, maktaba na kupiga simu nyumbani. Jumatatu nasimama mstarini kuwaeleza wanafunzi wote tulichoamua na tulichoomba, nimepewa dakika tano tu. Nimesikiliza na kuandika, nimejikuta na kurasa saba. Nimekuambatishia. Nipunguze nini?"*

Marahaba, binti yangu. Kurasa zako zote saba nimezisoma, na lugha yake ni safi. Tatizo ni kwamba zinafuata mwendo wa mkutano: sala ya kufungua, nani kasema nini, nani kampinga, wapi watu walicheka. Hizo ni kumbukumbu za mkutano, na kazi hiyo ni ya katibu wako. Mwanafunzi aliyesimama mstarini na baridi ya asubuhi ya Iringa hana haja ya kujua mjadala ulikwendaje. Anataka kujua leo jioni aipange ndoo yake wapi na saa ngapi. Ukianza kupunguza kurasa saba utafika tatu, nazo zitakuwa bado kumbukumbu, ila zimekatwakatwa. Ziweke pembeni uanze upya.

Anza kwa kutenganisha maazimio na maombi, maana hapo ndipo viongozi wengi wa wanafunzi hujikwaa. Azimio ni jambo ambalo ninyi wenyewe mna uwezo wa kulitekeleza bila kumsubiri mtu. Ombi ni jambo ambalo uamuzi wake uko kwa mwingine, hata kama nyote mmelipigia makofi. Mimi huwauliza viongozi wangu swali moja tu: ufunguo uko kwa nani? Nani achote maji wa kwanza, mnaamua ninyi. Maktaba ina mwalimu wake na kufuli lake. Stoo ya chakula ina mtunza stoo. Kwa hiyo maji na usafi wa bwalo ni maazimio. Maktaba na maharage ni maombi. Katika ukurasa wako wa nne umeandika "tumeazimia maktaba ifunguliwe Jumamosi". Hamkuweza kuazimia hilo, binti yangu. Mliomba.

Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kunifika nikiwa mlezi wa serikali ya wanafunzi katika shule moja. Kaka mkuu alisimama mstarini akasema, "Suala la wali siku za Jumapili limepita." Alimaanisha limepita kwenye mkutano wao. Wanafunzi walisikia kwamba wali umekubaliwa, wakashangilia mpaka mwalimu wa zamu akapiga filimbi. Jumapili ukaja ugali na maharage kama kawaida. Meza zilipigwa, sahani zikarushwa, na kijana yule akaitwa mwongo kwa muhula mzima ilhali hakudanganya. Neno moja tu, "limepita", lilibeba maana mbili, na hakuna aliyelishika kabla halijatoka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaiomba hotuba yake niisome. Tangu siku hiyo sijamruhusu kiongozi apande mbele na karatasi ambayo mlezi hajaiona.

Sasa turudi kwenye rekodi. Nimeona umeisikiliza mara moja huku ukiandika, na ndiyo sababu jambo kubwa kuliko yote limekuponyoka. Mara ya kwanza usiandike chochote. Sikiliza tu mpaka mwisho, ujue mkutano ulielekea wapi. Mara ya pili kaa na katibu, yeye akiwa na daftari lake, nawe uwe na karatasi ya safu tatu: dakika, maneno yaliyosemwa, na aina yake. Kwenye safu ya mwisho unaandika herufi moja, A kwa azimio, M kwa ombi, B kwa jambo lililobaki bado. Mengine yote yasiyopata herufi ni mjadala, na mjadala hauendi mstarini.

Jambo lililokuponyoka ni maji. Umeandika, kutoka dakika ya 31, kwamba maji yatachotwa kwa vidato: Kidato cha Pili na cha Nne saa 10 jioni, cha Kwanza na cha Tatu saa 11. Ni kweli mwenyekiti aliuliza "wanaoafiki?" na sauti zikajibu "ndiyooo". Lakini soma ukurasa wako wa sita, dakika ya 58, maneno uliyoyanakili wewe mwenyewe:

"Mwenyekiti, samahani nirudi nyuma. Sisi fomu foo saa kumi tuko kwenye masomo ya ziada. Ndoo zetu atapanga nani?"

"Basi tusubiri wote watoke. Saa kumi na moja, na iwe kwa mabweni."

"Mabweni mawili mawili."

"Haya, wanaokubali wanyooshe mikono… wanaokataa… sawa, tuendelee."

Azimio la dakika ya 31 lilikufa dakika ya 58. Ungelisoma lile la kwanza mstarini, jioni ileile Kidato cha Pili wangepanga foleni saa 10, na saa 11 wenye mabweni yao wangekuja kudai zamu. Ugomvi wa bombani huanza hivyo, na kila upande ungekuwa na shahidi aliyekuwepo mkutanoni. Kwa hiyo ukishaandika A mahali popote, usiiamini mpaka umefika mwisho wa rekodi na kuhakikisha hakuna aliyerudi nyuma. Maneno kama "nirudi nyuma kidogo", "kuhusu lile la mwanzo" na "kabla hatujafunga" yakisikika, simamisha rekodi na usikilize tena. Dakika kumi za mwisho, pale kwenye "mengineyo", ndizo zenye mabadiliko ya namna hiyo mengi zaidi, maana watu huwa wameshachoka na mwenyekiti anataka kufunga.

Dakika ya 58 ina shida nyingine: mikono haina sauti. Simu ilinasa "wanaokubali wanyooshe mikono", kisha kimya, kisha "sawa". Rekodi haiwezi kukuambia ni mikono mingapi, na wewe kwenye karatasi umeandika "wote walikubali". Nimefungua ile picha ya daftari la katibu uliyoambatisha, naye ameandika pembeni 19 na 11, kati ya watu 32. Wawili hawakunyoosha popote. Azimio limepita kihalali, lakini si kwa kauli moja, na wale kumi na mmoja watakuwa wamesimama mbele yako Jumatatu. Ukisema "sote tulikubaliana" utawapoteza hao kwanza, kisha wenzao wa bwenini watakaowasikiliza. Taja hesabu ilivyo. Kwa jambo kama hili inasaidia pia kusema utaratibu utapimwa lini, na bahati nzuri dakika ya 61 mwenyekiti alisema "tujaribu wiki mbili, wiki zikizungukana". Maneno hayo hayamo kabisa kwenye kurasa zako, nami nimeyapata kwa katibu. Yarudishe.

Azimio likishathibitika, lazima liwe na viungo vitatu: nani afanye, kuanzia lini, na nani asimamie. Kwenye usafi wa bwalo rekodi inatoa viwili tu. Kila meza ifute meza yake na kufagia chini yake, na kiongozi wa meza asimamie. Siku ya kuanza haikutajwa. Usiibuni kwa kuwa unaona Jumanne inafaa. Leo Jumapili mtafute mwenyekiti na mlezi, wakupe siku, katibu aiandike. Katika mfano hapa chini nimeweka "kesho asubuhi" ili uone inakaa wapi. Wakikupa siku nyingine, badilisha.

Maharage ndiyo sehemu ngumu, na hapo nataka upunguze sana. Umenakili dakika kumi na nne za malalamiko: wadudu, mawe, nani alimwona mpishi anafanya nini. Mengine huenda ni kweli. Lakini mstarini wapishi wako umbali wa kusikia, mtunza stoo anapita na ufunguo wake, na hakuna hata mmoja wao atakayepewa nafasi ya kujibu. Lalamiko linaingia kwenye barua kwa Mkuu wa Shule, pamoja na siku na mlo ambao maharage yalikuwa na tatizo. Mstarini linaingia ombi peke yake: wawakilishi wawili wa wanafunzi wawepo maharage yanapopimwa stoo na yanapochambuliwa. Mwanafunzi akisikia hivyo atajua jambo lake limefika, na mpishi akisikia hatajiona amevuliwa nguo mbele ya watoto. Vivyo hivyo usimtaje kwa jina mwanafunzi yeyote aliyechangia. Aliyethubutu kusema jambo ndani ya chumba hakukubali kulisema mstarini.

Kisha barua hiyo itangulie. Mkuu wa Shule asisikie ombi kwa mara ya kwanza pamoja na wanafunzi wote, akiwa anatazamwa usoni. Akisikia hivyo atajibu papo hapo, na jibu la papo hapo mara nyingi ni hapana. Mkabidhini mlezi barua leo, naye ampe taarifa kabla ya paredi. Ukishafanya hivyo unaweza kusema kwa haki kwamba ombi limewasilishwa.

Hotuba yenyewe, kwa mambo uliyonipa, ningeiandika hivi:

> Mkuu wa Shule, walimu wetu, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi.
>
> Jumamosi viongozi na wawakilishi wa madarasa tulikutana, watu thelathini na wawili. Tumeamua mambo mawili, tumeomba mambo mawili, na jambo moja bado.
>
> Tulichoamua kwanza ni maji. Kuanzia leo jioni tutachota kwa mabweni, si kwa vidato. Bweni la Kwanza na la Pili, saa kumi na moja kamili. Bweni la Tatu na la Nne, saa kumi na moja na nusu. Narudia: la Kwanza na la Pili, saa kumi na moja kamili, la Tatu na la Nne, saa kumi na moja na nusu. Wiki ijayo tutabadilishana. Msimamizi bombani ni kiranja wa mazingira. Kumi na tisa walikubali utaratibu huu, kumi na mmoja hawakuukubali. Tutaujaribu kwa wiki mbili, kisha tutauzungumza tena.
>
> La pili ni bwalo. Kuanzia kesho asubuhi, kila meza itafuta meza yake na kufagia chini yake kabla ya kutoka. Msimamizi ni kiongozi wa meza.
>
> Sasa tulichoomba. Tumeuomba uongozi wa shule wawakilishi wawili wa wanafunzi wawepo maharage yanapopimwa stoo na yanapochambuliwa. Tumeomba pia maktaba ifunguliwe Jumamosi, saa nane hadi saa kumi mchana. Haya ni maombi. Hayajakubaliwa na hayajakataliwa. Barua tumeikabidhi jana. Jumatatu ijayo, hapahapa, nitawaambia yalipofikia.
>
> Kupiga simu nyumbani tulikuzungumza, uamuzi haukufikiwa. Kutarudi mkutano ujao. Kwa sasa utaratibu ni uleule, simu ya matroni.
>
> Nanyi nina ombi moja kwenu: ukijaza ndoo yako, funga bomba mpaka maji yakatike. Usimwachie anayefuata.
>
> Asanteni.

Angalia vitenzi vyake. Kwenye maazimio nimetumia "tutachota", "itafuta", pamoja na siku. Kwenye maombi ni "wawepo", "ifunguliwe". Kiswahili kimekupa tofauti hiyo bure, itumie. "Maktaba itafunguliwa" ni ahadi. "Tumeomba maktaba ifunguliwe" ni ombi, na msikilizaji anaisikia tofauti hata kama hajui jina la hali hiyo ya kitenzi. Jiepushe pia na "iliamuliwa" na "ilikubalika". Ukisema hivyo mtu atajiuliza imeamuliwa na nani, mkutano au ofisi, na kila mmoja atajijibu anavyopenda.

Utaona pia kwamba neno "ombi" limekwenda pande mbili, kwa uongozi na kwa wanafunzi. Nimeyaweka mbali kwa makusudi. Lile la kwa wanafunzi limekaa mwisho, na linaanza na "nanyi" ili wajue sasa wanaombwa wao. Viongozi wengi huyachanganya: "tunaomba maktaba ifunguliwe, na tunaomba mfunge mabomba". Hapo nusu ya mstari hudhani bomba ni kazi ya ofisi.

Maneno ya simu nyumbani yalikaribia kukuponyoka pia, kwa kuwa hayakuwa na uamuzi uliona hayana nafasi. Yana nafasi. Mwakilishi ameshatoka mkutanoni akawaambia wenzake bwenini kwamba jambo limezungumzwa. Usipolitaja, watabuni jibu. Sentensi tatu zinatosha, na iliyo muhimu kuliko zote ni ile inayosema utaratibu wa sasa ni upi.

Juu ya salamu, nimetaja mtu mmoja na makundi mawili. Kama desturi ya shule yenu ni kumtaja Makamu Mkuu wa Shule, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa zamu, wataje, lakini usizidi sekunde kumi na tano. Nimesikia hotuba ambazo itifaki ilikula dakika nzima, na maji yakapewa sentensi mbili.

Kwa kasi ya kusomeka mstarini bila kipaza sauti, mimi huhesabu maneno 90 hivi kwa dakika. Hotuba hii itakuchukua kama dakika mbili na nusu. Dakika mbili na nusu zinazobaki usizijaze. Zitaliwa na upepo, na minong'ono utakapotaja maharage, na kusubiri kelele zitulie utakaposema "si kwa vidato". Hapo Kidato cha Pili wataguna. Nyamaza, hesabu mpaka tatu kimoyomoyo, kisha taja mabweni. Ukiendelea kusema juu ya mguno, saa itapotea, na saa ndiyo jambo lenyewe.

Andika hotuba kwenye kadi mbili ngumu, siyo karatasi ya daftari, maana upepo huikunja. Kadi ya kwanza iishie kwenye bwalo, ya pili ianzie "Sasa tulichoomba", ili kugeuza kadi kukupe pumziko mahali linapofaa. Saa ziandike kwa maneno kama nilivyofanya. Macho yakikutana na 11:30 ulimi husita, na wenye haraka husoma kama inavyoonyesha simu. Usiku huu isome kwa sauti mara tatu, mara ya tatu mtu mmoja akiwa amesimama mwisho wa uwanja. Mwulize jambo moja tu: "Bweni la Tatu wanachota saa ngapi?" Akikosea, hotuba haijafika, rudia pole pole.

Inawezekana mtu akapaza sauti kutoka mstarini: "Na wali je?" Halimo kwenye rekodi, kwa hiyo huna la kujibu. Sema, "Hilo halikuwa kwenye mkutano huu, mpe mwakilishi wa darasa lako alilete kwa katibu," kisha teremka.

Baada ya paredi, bandika nakala ya maazimio na maombi kwenye ubao wa matangazo, yakiwa sehemu mbili zenye vichwa viwili. Jumatatu ijayo simama hata kama ofisi haijajibu, useme haijajibu. Rekodi yenyewe ibaki kwa mlezi, isisambazwe wala isichezwe bwenini. Isifutwe pia mpaka mkutano ujao usome na kuthibitisha kumbukumbu za Jumamosi, kwa maana mmoja wa wale kumi na mmoja anaweza kuuliza kwenye "yatokanayo" ni nani aliyeibadilisha dakika ya 31, na mlezi ataweza kuwasikilizisha dakika ya 58.